Tufe la nyuzi 40: kwa nini fomula inanipa mita 10 na jibu la karatasi ni karibu 12?

Chebet_Njoro
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa kwanza, na kuna swali moja kwenye karatasi ya mazoezi linalonisumbua tangu jana. Mwanariadha anarusha tufe kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, pembe ya nyuzi 40 juu ya mlalo. Tufe linaachwa mkononi likiwa mita 1.9 kutoka ardhini. Tafuta muda linaokaa hewani, kimo cha juu kabisa, na umbali linapoangukia. g ni 9.8.

Nimetumia fomula tatu tulizopewa:

```
T = 2u sinθ / g   = 1.31 s
H = u² sin²θ / 2g = 2.11 m
R = u² sin2θ / g  = 10.05 m
```

Majibu yaliyo nyuma ya karatasi ni sekunde 1.56, mita 4.01 na mita 11.95. Nimerudia kwenye kikokotoo hadi nimechoka, kila mara napata yale yale. Mwenzangu wa chumba naye anapata umbali hasi, yaani tufe linarudi nyuma. Tofauti ya karibu mita mbili inatoka wapi?

Wambani_wa_Kapsabet
Nianze na mwenzako. Kikokotoo chake kiko kwenye radiani. Kosaini ya radiani 40 ni hasi, karibu -0.67, ndiyo maana tufe linamrudia mrushaji. Kabla ya swali lolote la pembe, piga sin 30. Usipoona 0.5, badilisha hali ya kikokotoo kwanza.

Otis_Milimani
Chebet, jambo lako ni rahisi. Umesahau mita 1.9 za urefu wa mkono. Chukua kimo chako 2.11 ujumlishe 1.9, unapata 4.01. Chukua umbali wako 10.05 ujumlishe 1.9, unapata 11.95. Majibu ya karatasi hayo hapo, kazi imekwisha.

Chebet_Njoro
Otis, asante, kweli yote mawili yametokea! Lakini muda je? Siwezi kujumlisha mita kwenye sekunde. Na kimo kinaeleweka, kwa sababu mkono uko juu ya ardhi. Ila umbali ni wa mlalo na 1.9 ni ya wima. Kwa nini vijumlishwe?

Mwalimu_Mbale
Binti, swali lako hilo la mwisho lishikilie, usiliachie.

Otis yuko sahihi kwenye kimo. Kwenye umbali amepata jibu sahihi kwa njia isiyosimama, na nitaonyesha inapoangukia. Ila tuanze na fomula zenyewe.

Hiyo T = 2u sinθ / g ilipatikana kwa kudhani kwamba kitu kinatua kwenye usawa uleule kilikorushwa. Ile 2 ndiyo inayobeba dhana hiyo. Inasema muda wa kupanda ni sawa na muda wa kushuka. Mpira unaopigwa kutoka kwenye nyasi na kurudi kwenye nyasi unaitii. Tufe haliitii, kwa sababu linapanda kutoka begani na kushuka hadi kwenye vumbi. Kushuka kuna safari ndefu kuliko kupanda.

Kwa hiyo weka fomula tatu kando, gawanya safari vipande viwili. Kasi ya wima mwanzoni ni 10 × sin 40, yaani 6.43. Kasi ya mlalo ni 10 × kos 40, yaani 7.66, na hiyo haibadiliki njia nzima kwa kuwa hakuna kinachoivuta pembeni.

Kupanda: mvuto unapunguza 9.8 kila sekunde, kwa hiyo 6.43 inaisha baada ya 6.43 / 9.8 = sekunde 0.656. Katika muda huo tufe limepanda mita 2.11 juu ya mkono. Juu ya ardhi ni 4.01.

Kushuka: sasa kitu kimesimama kwa wima, kiko mita 4.01 juu, kinaanguka. Muda wake ni kipeuo cha pili cha (2 × 4.01 / 9.8), yaani sekunde 0.904.

Jumla ni 1.56. Zidisha kwa 7.66, unapata mita 11.95. Hakuna mita zilizojumlishwa kwenye umbali. Kilichoongezeka ni muda, robo sekunde hivi, na katika robo sekunde hiyo tufe liliendelea kwenda mbele kwa kasi yake ileile ya 7.66. Hapo ndipo mita zako 1.9 zilipotoka.

Otis_Milimani
Mwalimu kwa heshima, lakini 10.05 + 1.9 ni 11.95 na wewe umepata 11.95. Kama njia yangu haisimami, ingewezaje kugonga hadi sentimita?

Mwalimu_Mbale
Swali zuri, na jibu liko kwenye pembe. Jaribu mwenyewe, kasi ileile ya 10 na kimo kilekile cha 1.9, badilisha pembe tu.

Kwa nyuzi 60, fomula ya uwanja tambarare inatoa mita 8.84. Kwa njia yako tufe litaanguka 10.74. Ukipiga hesabu ya vipande viwili unapata 9.82. Umezidisha karibu mita nzima.

Kwa nyuzi 20, tambarare ni 6.56 na kwa njia yako ni 8.46. Jibu halisi ni 9.99. Hapa umepunguza mita moja na nusu.

Kwa nini nyuzi 40 ikakubeba? Fikiria tufe linaposhuka na kupita tena usawa wa bega. Wakati huo linashuka kwa nyuzi 40, kama lilivyopanda. Likifika ardhini limeongeza kasi ya wima hadi 8.86, na 8.86 kwa 7.66 ni mteremko wa nyuzi 49. Kwa hiyo ile sehemu ya mwisho ya mita 1.9 limeishuka kwa wastani wa karibu nyuzi 45. Na mteremko wa nyuzi 45 una tabia moja: kila mita unayoshuka unasonga mbele mita moja. Ndipo 1.9 ya wima ikageuka 1.9 ya mlalo. Kwa nyuzi 60 tufe linashuka karibu wima, halipati nafasi ya kusonga. Kwa nyuzi 20 linateleza mbali kabla ya kugusa chini.

Otis_Milimani
Nimezipiga zote mbili, ni kweli. Bado nasema kwa mashindano ya tufe, ambapo watu wanarusha karibu na 40, njia yangu ni ya haraka na inafanya kazi.

Mwalimu_Mbale
Karibu na pembe inayotoa umbali mkubwa zaidi, ndiyo, inakaribia sana. Hilo nakupa. Katika mtihani usiiandike.

Nyar_Ahero
Samahani kuingilia. Mimi nina shamba la mboga Ahero na namwagilia kwa mpira wa pampu. Nimesoma hapa nikafikiri labda mtanisaidia. Nikishika mdomo wa mpira nusu kuelekea juu, maji yanafika kama mita 15. Nataka yafike 20 bila kununua pampu nyingine. Niinue pembe kiasi gani?

Wambani_wa_Kapsabet
Mama, hapa tunazungumzia tufe la mwanafunzi, lakini hesabu ni jamaa. Kama unaposema nusu kuelekea juu ni nyuzi 45 hivi, uko tayari kwenye pembe nzuri kwa uwanja tambarare. Kuinua zaidi kutarudisha maji karibu nawe. Umbali hapo unategemea kasi ya maji yanapotoka, na unakua kwa mraba wake. Kutoka 15 kwenda 20 unahitaji kasi iongezeke kama sehemu 15 katika 100. Jaribu mdomo mwembamba kidogo. Ukiubana kupita kiasi utapoteza maji mengi, na mkondo utavunjika kuwa matone.

Mwalimu_Mbale
Na hayo matone ndiyo tatizo la fomula hizi kwa maji. Hesabu zetu zinadhani hewa haipo. Mkondo ukivunjika, kila tone dogo linapigwa na hewa na kupoteza kasi haraka, hasa upepo wa mchana kutoka ziwani ukianza. Ndiyo maana kwa maji pembe ya chini ya 45 mara nyingi hufika mbali zaidi. Mama, shusha mdomo kidogo kidogo, uweke kijiti kila maji yanapoishia. Shamba litakujibu kuliko mimi.

Nyar_Ahero
Asante mwalimu. Nitajaribu jioni upepo ukitulia.

Kevo_254
Mimi kuna kitu sielewi. Tufe lina uzito gani? Swali halijasema. La wanaume ni kilo 7.26, la vijana ni jepesi. Lazima zito lianguke mapema, kwa hiyo bila uzito swali haliwezi kujibika.

Wambani_wa_Kapsabet
Kevo, angalia hesabu yote aliyoandika mwalimu, utafute mahali uzito ungeingia. Haupo. Ukishajua kasi na pembe wakati tufe linatoka mkononi, zito na jepesi yanafuata njia ileile. Uzito unaingia kabla ya hapo, kwenye mkono: la kilo 7.26 huwezi kulipa kasi ile unayolipa la kilo 5.

Kevo_254
Na hewa?

Wambani_wa_Kapsabet
Kwa tufe ni kidogo mno. Kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde hewa inalisukuma kwa nguvu ndogo kuliko sehemu moja katika 100 ya uzito wake. Umbali unapungua sentimita chache tu. Mkuki ni habari nyingine kabisa. Julius Yego alipotupa 92.72 kule Beijing mwaka 2015, hewa ilikuwa sehemu ya mtupo wenyewe, inaubeba mkuki na kuugeuza. Huwezi kuweka mkuki kwenye fomula ya Chebet ukategemea jibu.

Chebet_Njoro
Mwalimu, nimefanya kwa vipande viwili nimepata yote matatu. Sasa kuna mwenzetu amefanya kwa mlinganyo mmoja:

```
-1.9 = 6.43t - 4.9t²
```

Amepata majibu mawili, 1.56 na -0.25. Hilo hasi tunalitupa tu au lina maana?

Mwalimu_Mbale
Njia yake ni sawa na ni fupi. Uangalizi ni kwenye alama: ameweka mkono kuwa sifuri na juu kuwa chanya, kwa hiyo ardhi iko -1.9. Angeandika +1.9 angekuwa anatafuta wakati tufe liko mita 1.9 juu ya mkono. Angepata majibu mawili chanya, moja likipanda na jingine likishuka, na yote mawili yangekuwa madogo kuliko 1.31. Muda wa kufika ardhini ukitoka mdogo kuliko 1.31, jua alama imegeuzwa.

Jibu hasi unalitupa kwa swali hili, ila lina maana. Chukua ile njia ya tufe uirudishe nyuma, kama vile halikuanzia mkononi bali lilitoka ardhini nyuma ya mrushaji. Lingekuwa limeondoka ardhini robo sekunde kabla ya kupita mkononi. Na ukijumlisha 1.56 na -0.25 unapata 1.31, ule muda wako wa kwanza. Si bahati, kwa sababu jumla ya majibu mawili ya mlinganyo huo haitegemei kimo, ni 2u sinθ / g daima.

Chebet_Njoro
Hii nimeipenda sana. Kwa hiyo fomula yangu haikuwa ya bure.

Kocha_Kakamega
Nimefuata uzi huu kimya tangu mwanzo kwa sababu hii ni kazi yangu ya kila siku. Nafundisha vijana tufe na kisahani. Kila kitabu kinasema nyuzi 45. Nina kijana mmoja, nilipomwambia arushe juu zaidi umbali ulishuka. Akirusha chini chini kama anavyopenda anafika 11.60. Akirusha juu nilivyomwambia anafika 11.20. Nani wa kuaminiwa, kitabu au kijana?

Mwalimu_Mbale
Kocha, 45 ni ya kutua usawa uleule. Ukirusha kutoka juu ya ardhi pembe bora inashuka. Kwa kasi ya 10 na kimo cha 1.9 inakuja nyuzi 40 na nusu. Fomula yake ni hii:

```
tanθ = u / √(u² + 2gh)
```

Lakini ona tofauti ilivyo ndogo. Kwa 40.5 umbali ni 11.95, kwa 45 ni 11.84. Sentimita 11 tu. Pembe peke yake haielezi sentimita 40 alizopoteza kijana wako. Una video yake?

Kocha_Kakamega
Ninayo ya simu, picha 30 kwa sekunde. Ile ya 11.60, nimehesabu kutoka picha ambayo tufe linaacha vidole hadi picha linapogusa chini: 43. Mkono wake ulikuwa ndani ya duara, nyuma ya ubao kama sentimita 20, na kimo ni kama mita 1.9.

Mwalimu_Mbale
Vizuri sana kwamba umekumbuka ubao. Kipimo cha mashindano kinaanzia ukingo wa ndani wa ubao, lakini tufe lilianzia mkononi, kwa hiyo lilisafiri 11.80 na si 11.60.

Sasa tunarudisha swali la Chebet kinyume. Muda ni 43 / 30 = 1.433. Kasi ya mlalo ni 11.80 / 1.433 = 8.23. Kwa wima, -1.9 = v × 1.433 - 4.9 × 1.433², kwa hiyo v = 5.70. Gawanya 5.70 kwa 8.23, hiyo ndiyo tanjenti ya pembe: pembe ni karibu nyuzi 35. Kasi yenyewe ni karibu mita 10 kwa sekunde.

Yaani kijana anarusha kwa nyuzi 35, chini ya pembe bora ya hesabu. Angeweza kupanda hadi 40 bila kupoteza kasi, angepata kama sentimita 20 zaidi. Alipopanda alipoteza 40. Maana yake kasi ilishuka. Mwili una nguvu zaidi kusukuma mbele kuliko kusukuma juu, na ukisukuma juu sehemu ya nguvu inaliwa na uzito wa tufe lenyewe.

Na kasi ina thamani kubwa. Akibaki chini kwenye 34 lakini aongeze kasi kutoka 10 hadi 10.3, umbali unatoka 11.73 hadi 12.33. Sentimita 60 kwa ongezeko dogo hivyo.

Wambani_wa_Kapsabet
Niongeze tahadhari, Kocha. Picha moja tu ikikupita, ukahesabu 44 badala ya 43, pembe inatoka 36 badala ya 35. Na picha ya kugusa chini ni ngumu kuona kwenye vumbi. Kama simu yako ina picha 120 kwa sekunde, tumia hiyo. Usimbadilishe kijana kwa sababu ya nyuzi moja ambayo huenda haipo.

Otis_Milimani
Na g ya huku kwetu? Tuko karibu na ikweta na Nakuru iko juu sana. Lazima tufe lifike mbali kuliko Ulaya.

Wambani_wa_Kapsabet
Linafika, ila usijenge kikosi juu yake. Kwenye ikweta g ni karibu 9.78 badala ya 9.8, na kupanda mlima kunapunguza kidogo tena. Kwa mtupo wa Chebet hiyo ni sentimita mbili au tatu. Kutumia g = 10 kama wengine wanavyozoea shuleni kunakuharibia zaidi: unapata 11.75, sentimita 20 zimepotea kwenye karatasi.

Kocha_Kakamega
Sawa. Basi nimwache kwenye 35 nifanye kazi ya miguu na kasi? Au kuna pembe ya katikati, tuseme 37, ambapo kasi haijaanza kushuka sana? Kila kijana ana umbo lake, na mwingine ninaye mrefu kuliko huyu.

Mwalimu_Mbale
Hilo hesabu yangu haiwezi kukujibu, kwa sababu haijui kasi ya kijana inavyoshuka pembe ikipanda. Inabidi uipime kwake yeye. Mpe mitupo kadhaa ya chini, ya kati na ya juu, siku moja, akiwa hajachoka, na ubadilishe mpangilio ili ya juu isiwe ya mwisho daima. Kila mtupo hesabu picha, pima umbali, tafuta pembe na kasi kama tulivyofanya. Utaona kasi inashuka kwa kiasi gani kwa kila nyuzi. Yule mrefu atakuwa na mstari wake.

Mimi ningebashiri 36 hivi, lakini ni kubashiri.

Kocha_Kakamega
Mimi nabashiri 34. Tutaona Jumamosi.

Chebet_Njoro
Kocha, ukishapata namba ziweke hapa tafadhali. Nitazipigia hesabu mimi.